Naomba ushauri: nitathibitishaje kwamba video ya mafunzo imefanya kazi?

Mdadisi_Tabora: Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora, kampuni inayonunua asali. Tuna mawakala 38 huko Sikonge, Urambo na Kaliua. Tuliwatengenezea video ya dakika 9 ya kupima unyevu wa asali, na mwishoni kuna maswali kumi. Waliomaliza ni 36 na wastani wa alama ni 91. Kipande cha dakika ya 3:40 hadi 4:20 kila mmoja amekirudia karibu mara tatu, maana yake wamekipenda. Kwenye ripoti nianze na takwimu ipi? Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Isevya: Dakika 9 nyingi mkuu. Kata vipande vya dakika mbili mbili, utaniambia.

Mama_Ujiji: Mwanangu, mimi nipo Kigoma, biashara ya mawese. Tulioneshwa video ya usafi wa madumu. Binti yangu wa kazi alisinzia mwanzo mwisho, na cheti akapewa. Watu wafundishwe kwa mikono.

Mkaguzi_wa_Zamu: Mleta uzi, maswali yanaruhusiwa kurudiwa? Na hicho kipande kinaeleza nini?

Mdadisi_Tabora: Yanarudiwa hadi ufaulu, mfumo unaonesha alama ya mwisho. Kipande ni cha kuchukua sampuli: ukoroge ndoo kwanza, ndipo uweke tone kwenye kioo cha kipimo.

Mkaguzi_wa_Zamu: Basi hiyo 91 inasema tu kwamba watu hawakukata tamaa. Tafuta alama za jaribio la kwanza, swali moja moja. Halafu angalia saa ya kurudia video. Aliyerudia dakika tatu baada ya kukosa swali anawinda jibu. Aliyerudia siku ya mnada, ndoo ikiwa mbele yake, anaitumia kazini. Kwenye jumla yako hao wawili wanaonekana sawa. Na mtu anaweza kurudia kwa sababu hajaelewa, wala si kupenda.

Mdadisi_Tabora: Nimezipata. Swali la 6, la kukoroga, waliopata mara ya kwanza ni 15 kati ya 36. Marudio mengi yametokea ndani ya dakika tano baada ya kukosa. Ila mwishowe wote wamepata, kwa hiyo wamejifunza.

Mkaguzi_wa_Zamu: Wamejifunza jibu. Ndoo zinasemaje?

Mdadisi_Tabora: Mwezi huu ndoo 11 zimechacha ghalani, mwezi kabla ya video zilikuwa 9. Lakini mvua imechangia. Na kusema kweli ripoti ya awali nimeshaituma, nikapendekeza safari za wakufunzi vijijini zisitishwe. Bajeti ni ndogo.

Mzee_Kipalapala: Kijana, umeshahukumu ndipo unaita mashahidi. Rudi kwa mkubwa wako ukaseme ukweli.

Bwana_Bando: Hii chai. Mawakala 36 wa vijijini, kila mmoja na simu janja, na bando la kutazama video mara tatu? Nani alilipa?

Mdadisi_Tabora: Si chai, mkuu. Hawakutumia simu zao. Wanatazama kwenye tableti tatu za vituoni, makundi makundi. Karani ndiye anayefungua akaunti ya kila mtu na kujaza maswali wakiwa wamekaa pamoja.

Bwana_Bando: Sasa naamini. Hakuna anayetunga cha kumuumbua hivyo.

Mkaguzi_wa_Zamu: Hilo ungeanza nalo. Jaribio la kwanza huenda ni la karani, marudio ni yake pia, na "kumaliza" ni video iliyochezwa kundi zima likiwepo. Huwezi kusema wakala fulani anajua nini. Hata ndoo 11 dhidi ya 9 ni chache mno kukupa jibu.
Chagua mawakala kumi kwa kura. Nenda bila taarifa, mpe kila mmoja ndoo iliyotulia usiku kucha na kipimo, kisha nyamaza. Asali yenye maji mengi huelea, nzito hushuka. Akifungulia bomba la chini bila kukoroga, atasoma unyevu wa asilimia 18 wakati ndoo nzima ni 21, na juu ya 20 hatari ya kuchacha ni kubwa. Tazama mkono: mwiko umeingia ndooni, au umeegemea ukutani? Rudia baada ya wiki tatu, ujue kilichobaki kichwani.

Kijana_wa_Isevya: Bado nasema video ni ndefu.

Mkaguzi_wa_Zamu: Inawezekana. Ila hiyo sekunde arobaini ndiyo ya kutengeneza upya kwanza. Inaonesha ndoo, au mtu anaongea tu?

Mdadisi_Tabora: Meneja anaongea. Ndoo haionekani. Lakini nikisema hivyo sasa, safari zimeshafutwa na mafuta ya pikipiki ya kwenda kwa hao kumi sina. Wa Sikonge wanne nawafikia Jumamosi. Wanne wanatosha?

Mkaguzi_wa_Zamu: Kuthibitisha video inafanya kazi, hapana. Wote wanne wakifungulia bomba moja kwa moja, una cha kumwonesha bosi. Rekodi mikono yao, wakikubali.

Mama_Ujiji: Na hao sita uliowaacha je, mwanangu?