Nimefunga slaidi nikabaki bubu: naandikaje skripti ya kusema kutoka kwenye slaidi zangu?

Nawa_Mikono:

Wakuu habari zenu. Nina presentesheni ya darasani, dakika 12 slaidi 14, mada ni historia ya kunawa mikono hospitalini. Slaidi ziko tayari na mwalimu kashazipitisha, shida yangu ni kwamba nikiwa naziangalia naongea vizuri tu ila nikifunga kompyuta nijaribu mwenyewe njiani au jikoni kichwa kinakuwa cheupe. Nikaamua niandike skripti, nikachukua vidoti vya kila slaidi nikavigeuza sentensi, sasa nikisoma nasikika kama mtu anayesoma tangazo. Mfano slaidi ya 6, inayomhusu daktari Semmelweis, iko hivi:

Semmelweis, Vienna 1847
- Kliniki ya 1: madaktari na wanafunzi. Kliniki ya 2: wakunga
- Kolletschka, Machi
- Chokaa ya klorini, katikati ya Mei
- Vifo Kliniki ya 1: Aprili 18.3%, Juni 2.2% (grafu)

Skripti yangu: "Kliniki ya kwanza ilikuwa na madaktari na wanafunzi na kliniki ya pili ilikuwa na wakunga. Kolletschka alifariki mwezi Machi. Katikati ya Mei ilianza kutumika chokaa ya klorini. Vifo vilishuka kutoka asilimia kumi na nane nukta tatu hadi mbili nukta mbili."

Nataka niweze kufanya mazoezi bila kuona slaidi kabisa. Mnafanyaje?

Bandika_Bandua:

Punguza maneno kwenye slaidi dada, watu wanajaza mno. Weka picha kubwa na maneno matatu basi, utaongea mwenyewe.

Nawa_Mikono:

Asante ndugu ila slaidi zimeshapitishwa siwezi kuzigusa. Nauliza ya kusema.

Mzee_wa_Jukwaa:

Kariri. Andika yote, kariri neno kwa neno kama shairi, mimi ndivyo nilivyofanya miaka yote na sijawahi kukwama. Siku ya siku hofu ikija mdomo unaenda wenyewe.

Sauti_Kwanza:

Dada Nawa_Mikono, nimewasimamia wanafunzi wengi kwenye hili, ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo.

Skripti yako haina makosa ya habari, ila haina "kwa nini". Vidoti ni majina ya vitu, kinachoviunganisha kiko kichwani kwako na slaidi inakukumbusha tu. Ukivigeuza sentensi moja moja unapata sentensi nne ambazo hazivutani, kwa hiyo ukimaliza ya kwanza hakuna kinachoita ya pili. Ndo maana ukifunga kompyuta unabaki mweupe. Tena anayesikiliza atajiuliza Kolletschka ni nani na kifo chake kinahusiana nini na wakunga, maana hujasema popote.

Fanya hivi. Kabla ya kuandika chochote funga slaidi, andika kwa kila slaidi sentensi moja tu: msikilizaji akitoka hapa awe amejua nini. Slaidi ya 6 ingekuwa "Madaktari wenyewe ndio walikuwa wanabeba ugonjwa mikononi, na kunawa kukapunguza vifo." Halafu washa rekoda ya simu, muelezee mtu asiyesoma afya, usiangalie popote. Ukimaliza sikiliza, andika ulichosema kama kilivyo na "yaani" zako zote, ndo uanze kusafisha. Ukianzia kwenye kuandika utapata lugha ya kuandika, ukianzia mdomoni utapata lugha ya mdomoni.

Slaidi yako mimi ningeisema hivi, mkwaju ni pumzi, BOFYA ni pale unapobonyeza:

"Hospitali ni moja, kliniki za kujifungulia ni mbili. Ya kwanza wanahudumu madaktari na wanafunzi wao, ya pili wanahudumu wakunga. / Na akina mama wanaokufa kwa homa ya uzazi ni wengi zaidi kule kwa madaktari. Kwa nini? / Wakunga hawapasui maiti. Madaktari wanapasua, na wakitoka hapo wanakwenda kuzalisha. / Machi 1847 rafiki yake Semmelweis, daktari Kolletschka, anakatwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Anaugua, anakufa, na mwili wake unaonyesha yale yale yaliyoonekana kwa wale akina mama. / Hapo Semmelweis anaunganisha. Katikati ya Mei anaagiza: kabla ya kumgusa mgonjwa, nawa kwa maji ya chokaa ya klorini. BOFYA. Aprili, kabla ya agizo, katika kila akina mama mia moja waliojifungulia kliniki ya kwanza, walikufa kama kumi na wanane. / Juni, wawili."

Ona habari ni zile zile nne, nilichoongeza ni vya kuziunganisha, hasa chumba cha maiti, ambacho kwenye slaidi hakipo kabisa na ndicho kinachobeba kisa kizima. Ukipitia slaidi zako zote 14 utakuta karibu kila moja ina kitu kama hicho, unakijua ila hukukiandika.

La mwisho kwa leo, grafu. Kwenye skripti futa kila "kama mnavyoona hapa", maana ukifanya mazoezi bila slaidi hiyo sentensi haina kitu ndani yake. Sema grafu inahesabu nini, inaanzia wapi, inaishia wapi. Hata umeme ukikatika msikilizaji amepata.

Nawa_Mikono:

Duh mwalimu asante sana, hapo kwenye chumba cha maiti ni kweli nakijua kabisa na sikukiandika mahali. Swali: hiyo yako ni ndefu kuliko yangu, dakika 12 zitatosha? Na "kama kumi na wanane" si nitaambiwa nimekosea namba?

Sauti_Kwanza:

Muda usikisie, pima. Soma kipande chochote ulichoandika kwa mwendo wa kumweleza mtu, dakika moja kamili, hesabu maneno. Tuseme umepata 95. Katika dakika 12 toa moja ya kubofya na kupumua, zinabaki 11, kwa hiyo skripti nzima isizidi maneno 1045 hivi. Usigawe sawa kwa slaidi 14 maana hazina uzito sawa. Slaidi ya jina inataka sentensi moja, ya 6 ndo moyo wa kisa, ipe dakika nzima na zaidi. Ikizidi punguza kwenye zile ambazo ile sentensi moja ya "awe amejua nini" ilikushinda kuandika, mara nyingi hizo zina vitu vya kutaja tu.

Namba: mdomoni sema kumi na wanane katika mia, kwenye slaidi 18.3% inabaki inaonekana. Sikio halishiki nukta.

Kipimo_Sahihi:

Hapo kwenye namba mwalimu sikubaliani nawe. Inategemea nani anasikiliza, mbele ya watahini wa takwimu ukikadiria wanakusimamisha papo hapo. Mimi ningesema namba kamili mara moja halafu ndo nitoe ile ya mia.

Sauti_Kwanza:

Kwa jopo la aina hiyo sawa, ila kwa darasa naona inachosha. Achague mwenyewe kulingana na waliopo.

Mbele_Kabisa:

Mimi nina uoni hafifu, kutoka jukwaani sioni ukutani kuna nini, kwa hiyo hii ya skripti bila slaidi kwangu siyo mazoezi ndo njia pekee. Niongeze vitu viwili. PowerPoint ya kwenye kompyuta ya Windows inakutolea maneno yote ya slaidi kwenye Word, nenda File > Export > Create Handouts, chagua Outline only, unapata maneno bila mapicha. Lakini angalieni, inachukua yaliyoandikwa kwenye visanduku vya mpangilio wenyewe wa slaidi tu, kisanduku ulichochora mwenyewe pembeni hakiji, na maneno yaliyo ndani ya picha au grafu hayaji. Ukiona slaidi imetoka na kichwa cha habari peke yake ujue kuna kitu kimeachwa huko, irudie kwa macho au mtu akusomee.

La pili ni sentensi ya kuvuka. Mimi huwa nasema ya slaidi inayofuata kabla sijabofya, siyo baada. Yaani mwisho wa hiyo ya Semmelweis ningesema "Ungedhani baada ya hapo kila hospitali ilinawa. Haikuwa hivyo." ndo nibofye. Mtu anayesubiri slaidi ije imkumbushe ndo yule anayesema "eeeh, slaidi inayofuata".

Nawa_Mikono:

Hii ya kuvuka nimeipenda mno, na slaidi ya 7 kweli ni jinsi madaktari wenzake walivyompinga. Kwa hiyo nikariri yote kama Mzee alivyosema au?

Sauti_Kwanza:

Mzee_wa_Jukwaa yuko sahihi nusu. Kariri sentensi ya kwanza kabisa, sentensi za kuvuka, na namba. Katikati usikariri, maana maneno ya kukariri kila moja linaitwa na lililotangulia, likidondoka moja la katikati unalazimika kurudi mwanzo wa aya mbele za watu. Ukijua kwamba baada ya wakunga inakuja maiti, baada ya maiti kisu, baada ya kisu klorini, hata ukisema kwa maneno mengine unafika.

Mpango: siku ya kwanza soma skripti kwa sauti. Ukishaizoea iweke mbali, bakisha karatasi yenye neno moja au mawili kwa kila slaidi, ya 6 iandike "kisu". Halafu bila karatasi, unaongea huku umeupa ukuta uso, na unatamka "bofya" kwa sauti. Mwenzako akae nyuma yako na slaidi, abonyeze ukisema bofya, na aandike kila mahali ulichosema na kilichopo kwenye skrini vimepishana. Hapo ndo utajua kama skripti na slaidi ni kitu kimoja, peke yako hutaliona hilo.

Mzee_wa_Jukwaa:

Mimi nilikariri yote na nilifika. Ila sawa, kwamba ukidondosha neno unarudi mwanzo wa aya, hilo ni kweli linatokea.

Kundi_la_Nne:

Samahani naingilia, sisi tuko wanne kwenye presentesheni moja, kila mtu kaandika skripti yake na ya pili inarudia yote ya kwanza. Sentensi ya kuvuka anasema anayemaliza au anayeanza?

Mbele_Kabisa:

Anayemaliza, na anamtaja mwenzake kwa jina. Ila kwanza zisomeni zote nne kwa mfululizo mtu mmoja asome, marudio yatajitokeza yenyewe.

Nawa_Mikono:

Nimejaribu slaidi ya 6 sasa hivi kwenye rekoda bila kuangalia kitu. Nimefika hadi klorini bila kukwama, ila nimetumia dakika mbili kasoro, nimejikuta namwelezea Kolletschka sana. Naenda kupunguza hapo. Slaidi ya 11 ni jedwali tupu la nguzo sita, hiyo bado sijui naisemaje, yaani hata ile sentensi moja imenishinda. Mwenye uzoefu na majedwali aje.

Kipimo_Sahihi:

Weka hapa vichwa vya nguzo zote sita. Jedwali halisomwi lote, unachagua mstari mmoja. Ila upi, bila kuliona siwezi kukwambia.