Naomba ushauri: maoni ya wanafunzi hayalingani na matokeo ya mtihani

Wakufunzi wenzangu, nafundisha hesabu za dawa ngazi ya stashahada ya uuguzi. Kwenye dodoso, wengi wa wanafunzi wangu 48 waliandika kuwa wameelewa vizuri, lakini swali la dripu ya lita 1 kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, walilipata 11 tu. Nilipopitia karatasi moja moja, niliona wengi wameishia 125, yaani mililita kwa saa, badala ya kufikia matone 42 kwa dakika, na hata waliofaulu vizuri mtihani mzima walikosea vilevile, jambo linalonitia mashaka juu ya swali lenyewe. Je, nirekebishe swali kwanza, au nihamishie somo maabara, kila mmoja ahesabu matone kwa saa ya mkononi?