Bomba la maji ya moto limepinda kama nyoka, klipu nimezikosea wapi?

fundi_mdogo
Wakuu habari za kazi, nimepitisha PPR ya 25 ya maji ya moto juu ya ukuta, mita 10 kutoka kwenye hita mpaka kona inaposhuka bafuni, na mita 3 tu baada ya hita kuna tii ya jikoni. Klipu nimeweka kila mita 1.2 na zote nimekaza. Sasa maji yakiwaka linatoka tumbo huku na huku na linagonga tik tik, yakipoa linarudi. Naomba ushauri.

Kidagaa
Mita 1.2 ni mbali mno kwa maji ya moto. Ongeza klipu, ziwe kila sentimita 70, kaza vizuri, kazi imeisha.

mzee_wa_spana
Kidagaa umbali uko sawa, hiyo plastiki ikipata joto inalegea, ila ukikaza zote atakuwa amehamisha tatizo tu. PPR ya kawaida inarefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila digrii moja, sasa ikitoka 20 ikafika 60, mita 10 zinakupa milimita 60. Hizo sentimita 6 lazima ziende mahali, ukizibana pande zote zinatoka kama tumbo.
Kaza klipu moja tu, hapo hapo kwenye tii, ili mchepuo wa jikoni usivutwe. Zilizobaki bomba liteleze ndani yake, lisukume kwa mkono kwa urefu, likigoma ndiyo hiyo inayopiga tik. Upande wa hita utapokea milimita 18, kwa hiyo pale weka hozi ya kujikunja, na upande wa kona 42. Kona isiguse ukuta ulio mbele yake, acha sentimita 5 au 6, na klipu ya kwanza kwenye bomba linaloshuka iwe chini kama mita moja hivi ili kipande hicho kipate kujipinda.

MamaBomba
Kwangu ni kopa ya 15 na inagonga nikifunga bomba ghafla, nayo ni klipu?

mzee_wa_spana
Dada hiyo ni nyingine, hayo ni maji yanagonga yakisimamishwa ghafla. Kopa inarefuka kidogo sana ukilinganisha na PPR, klipu kila mita 1.2 kwa mlalo na 1.8 kwa wima inatosha.

fundi_mdogo
Asante mzee, klipu ya kwanza chini ya kona iko sentimita 15 tu 😅 Na la wima nalo niweke kila 70?

mzee_wa_spana
Wima haliningʼinii katikati kwa hiyo mita moja inatosha, ila uzito ushikwe na klipu moja ya kukaza chini ya soketi, huko chini.

fundi_mdogo
Shida ni kwamba sentimita 60 chini ya kona bomba linaingia ukutani, nimeshalizibia na saruji.

Kidagaa
Vunja tu hiyo saruji, pitisha ndani ya kipande cha bomba kubwa.

mzee_wa_spana
Bado 60 ni fupi kwa milimita 42. Mimi ningebadilisha hizo mita 7 niweke PPR yenye nyuzi ndani, inarefuka kama theluthi moja tu ya hiyo, wengine wangetengeneza kitanzi cha U katikati. Kuna nafasi ya kitanzi hapo juu?