Chati ya duara imeniletea ugomvi kwenye kikundi, nisaidieni kabla ya Jumamosi

KatibuWaDunga:
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Nilitaka kuwaonyesha wanachama mapato ya Agosti hadi Januari, nikachora duara sita, kila mwezi lake. Agosti omena ilichukua 60% ya duara, Januari 40%. Basi! Mmoja akasimama, akasema omena imekufa, mtaji wote uhamie mbuta. Akina mama wa omena nusura watoke nje. Lakini nikirudi kwenye daftari:

Agosti: omena 60,000, mbuta 30,000, ngege 10,000
Januari: omena 72,000, mbuta 78,000, ngege 30,000

Omena imepanda! Nimekosea wapi?

Baba_Tuju:
Kosa ni duara lenyewe. Duara halifai popote. Weka mihimili iliyopandana, samaki mmoja juu ya mwingine, kila mwezi mhimili wake. Kazi kwisha.

MamaGrafu:
Katibu, hesabu yako haina kosa. Agosti mliingiza 100,000, Januari 180,000, na duara zote sita umezichora kwa ukubwa mmoja. Ni kama kukata chapati ndogo na chapati kubwa, kisha kuzipiga picha zionekane sawa. Kipande cha omena kilipungua kwa sababu mbuta ilikua mbio zaidi, wala si kwa sababu omena ilirudi nyuma.

Kabla ya kuchora, andika sentensi unayotaka mtu atoke nayo. Kama ni "mapato ya omena yametoka 60,000 yakafika 72,000", hayo ni mabadiliko ya miezi: chora grafu ya mistari, kila samaki mstari wake, shilingi upande wa kushoto. Kama ni "katika kila shilingi 100 za Januari, 40 ni za omena", hapo ndipo pa duara, tena moja tu. Baba Tuju, kwa mwezi mmoja na vipande vitatu duara halina ubaya.

Baba_Tuju:
Lakini mihimili iliyopandana inaonyesha yote mawili, mama.

MamaGrafu:
Jumla inaionyesha vizuri, hapo nakubali. Omena ikiwa chini kabisa nayo inasomeka, maana inaanzia sakafuni. Shida ni yule aliye juu. Katibu, ngege ya Novemba na Desemba ilikuwa ngapi?

KatibuWaDunga:
Novemba 22,000, Desemba 20,000. Mbuta ndiyo iliruka, kutoka 50,000 hadi 70,000. Omena ilibaki palepale.

MamaGrafu:
Haya. Desemba ngege imeshuka, lakini kwenye mhimili wako imebebwa na mbuta, kwa hiyo ukanda wake unakaa juu zaidi kuliko Novemba. Aliyekaa nyuma ya ukumbi atasema ngege imepanda. Kwenye mistari huwezi kudanganyika hivyo.

NakuruChama:
Na mimi nina shida kama hiyo. Chama chetu kina watu 40. Tuliuliza kila mmoja anataka mkopo wa nini: karo 28, shamba 20, biashara 16. Excel ikanichorea duara, karo ikatoka 44%. Lakini 28 kati ya 40 si 70%?

MamaGrafu:
Yako ni nyingine kabisa. Watu walichagua zaidi ya kimoja, majibu yakawa 64, na Excel ikagawanya kwa 64 bila kukuuliza. Duara linataka kila kitu kihesabiwe mara moja tu. Chora mihimili mitatu ya kawaida, useme "kati ya watu 40".

KatibuWaDunga:
Na nikitaka waone jinsi hiyo sehemu ya omena ilivyobadilika mwezi kwa mwezi? Maana kushuka hadi 40% pia ni kweli.

MamaGrafu:
Ni kweli, usiwafiche. Kwenye Excel chagua `100% Stacked Column`, omena uiweke chini. Ila ibandike baada ya grafu ya mistari, na juu ya kila mhimili uandike jumla ya mwezi, la sivyo utarudia ugomvi uleule.

Mvuvi_Mstaafu:
Nyote mnasema shilingi. Je, omena iliongezeka, au bei ndiyo iliyopanda? Chora kilo.

KatibuWaDunga:
Mzee, hapo umenishika. Mbuta tunapima kwa mizani, lakini omena inaandikwa kwa karai, na makarai yenyewe hayalingani. Jumamosi nitapeleka mistari ya shilingi, na kichwa nitaandika "mapato", nisiandike "samaki".

Mvuvi_Mstaafu:
Sawa, lakini huyo wa kuhamisha mtaji bado hajajibiwa.