Tovuti za kutafuta mahali kwa anwani ya IP zinatuletea watu wenye hasira mlangoni

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoka kujieleza kwa watu nisiowajua. Wanakuja na picha ya ramani yenye alama nyekundu juu ya paa letu, wakidai kwamba tapeli aliyewaibia mtandaoni anaishi hapa. Tovuti iliyowapa ramani hiyo haikuwaambia kwamba anwani ya IP haibebi mahali popote. Mtoa huduma ya intaneti hupewa anwani kwa mafungu na kuzihamisha baina ya wateja na miji apendavyo, nao watunza hifadhidata za mahali pa anwani hukisia kwa kutazama usajili na muda ambao data huchukua kwenda na kurudi. Wasipoujua mji, huandika nukta ya katikati ya mkoa au nchi, na nukta hiyo huweza kuangukia nyumba ya mtu.

Haya si mageni. Kampuni ya MaxMind, mmoja wa watunza hifadhidata hizo, ilipojua tu kwamba anwani fulani iko Marekani, iliiandikia latitudo 38 na longitudo -97, namba kamili zilizo karibu na katikati ya nchi hiyo. Hapo palikuwa na shamba karibu na Potwin, Kansas. Kufikia 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilisomeka shambani humo, na wakazi walisumbuliwa kwa miaka na polisi na watu waliojiona wameibiwa. Habari ilipochapishwa, nukta ilihamishiwa kwenye maji:

```
"accuracy_radius": 1000,
"latitude": 37.751,
"longitude": -97.822
```

Mstari wa kwanza unasema kosa laweza kufika kilomita 1,000, na ndio mstari ambao tovuti hizi huufuta kabla ya kuchora alama. Huo ni uzembe unaoumiza watu!

Mzalendo_T: Pole, lakini polisi huipata nyumba kamili kwa IP hiyo hiyo. Basi mahali pamo ndani yake.

FundiMtandao: Hapana, ndugu. Polisi hupeleka anwani pamoja na saa kamili kwa mtoa huduma, naye hutafuta katika kumbukumbu zake ni mteja gani aliyeitumia. Kwenye simu hata hilo ni gumu, kwa kuwa wateja wengi hutoka kwa anwani moja, na bila namba ya poti, inayotambulisha kila muunganisho, hawatenganishiki. Tena anwani hiyo husomeka ulipo mtambo wa kampuni, ambao waweza kuwa mji mwingine kabisa.

Dada_Mwema: Simu yangu imeibiwa. Naomba mnisaidie kujua IP yake imelala wapi.

FundiMtandao: Dada, tumia huduma ya kutafuta simu iliyomo kwenye akaunti yako, hiyo husoma GPS na Wi-Fi za jirani, si IP. Mwenye uzi, watunza hifadhidata hupokea maombi ya kusahihisha.

Mwanzisha uzi: Nimewaandikia wenye tovuti wanitajie hifadhidata wanayotumia. Hawajanijibu, na alama bado iko juu ya nyumba yetu.