74HC283 mbili au mageti matupu? Saketi ya kuzidisha biti 3 kwa 3

Kijana_Barani: Salaam aleikum. Niko Malindi, kuna jamaa yuko Nairobi atanipitia Luthuli kuninunulia chipu. Nataka kuunda saketi ya kuzidisha namba mbili za biti tatu. Nichukue 74HC283 mbili, au vijumlishi nivijenge mwenyewe kwa mageti? Ipi nafuu?

Fundi_Langoni: Waleikum salaam. Ni kazi ya chuo au ya kujifurahisha? Na mwalimu anataka kuona hafu ada na fulu ada zenyewe?

Kijana_Barani: Ya chuo. Hakutaja.

Bi_Maweni: Mwanangu, mimi nilinunua kizidishi cha volti za sola kikaungua siku ile ile. Vitu vya kutumana hivyo!

Fundi_Langoni: Bi mkubwa, huyu anazidisha namba. Kijana, AND tisa huziepuki, yaani 74HC08 tatu. Ukiongeza 283 mbili, umemaliza kwa chipu tano. Kwa mageti, hafu ada tatu na fulu ada tatu zinakufikisha chipu tisa, na waya kama nyavu.

Mwana_wa_Shela: Mageti ndiyo yanafundisha. 283 ni uvivu.

Simba_Mokowe: Yoyote tu, bora 7×7 itoe 110001. Ikitoa 49, saketi ni nzima.

Fundi_Langoni: Nusu kweli hiyo. Kwenye 7×7 AND zote tisa zinatoa 1, kwa hiyo ukipishanisha waya mbili za AND hutajua. Jibu linabaki 49.

Mwana_wa_Shela: Hapo sawa. Mimi niliuziwa bodi iliyochomewa tayari, duka silitaji. 3×3 ikatoa 9, 5×6 ikatoa 30, nikafurahi. Kuja 7×3, taa zinaonyesha 5! Nikabadilisha chipu zote, wapi. Mwisho nikashika mita nikafuata njia moja moja: S4 ya 283 ya kwanza haikufika ya pili. Mguu huo una thamani ya 16, na 21 ukitoa 16 ni 5. Unawaka tu ukizidisha 6 au 7 kwa 3 au 7, majibu manne kati ya 64. Muuzaji akaniambia “mbona 5×6 inafanya?”

Simba_Mokowe: Si ungeona kwa 7×7?

Mwana_wa_Shela: Ningeona 33, ndiyo. Sikuijaribu kwa kuwa 5×6 ilikuwa imekubali.

Fundi_Langoni: Na C0 za 283 zote mbili zipeleke graundi, kijana. Ukiiacha ya kwanza ikielea, 30 inaweza kuwa 32. Ya pili, 34. Kwenye HC jibu hata hucheza ukisogeza mkono.

Simba_Mokowe: Ndiyo maana mimi ni LS siku zote. Mguu ukielea inausoma 1, kosa halichezi.

Fundi_Langoni: Kosa ni kosa! Na LS inakunywa umeme. Kijana, unatumia betri au chaja ya simu?

Bi_Maweni: Na hiyo sola yangu nani atanitazamia?

Mwana_wa_Shela: Bi mkubwa, ni ya volti ngapi?