KERO: Stetimenti ya viza unalipia kila ukurasa, halafu unapewa makaratasi nusu. Benki hii tabia ikome!

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, mnivumilie.

Mteja anakwenda kaunta anasema neno moja tu: "Naomba stetimenti ya miezi mitatu, ya viza." Karani anaprinti, anakata hela kwenye akaunti kwa kila ukurasa, anagonga muhuri ukurasa wa mwisho, "next!" Mteja anafika kituo cha maombi ya viza, karatasi zina kasoro, anarudi benki na anakatwa upya kama vile kosa ni lake. Hiyo inaitwa huduma kwa wateja?

Kinachoniudhi zaidi ni hiyo miezi mitatu. Chukua mtu wa Dar anayeomba viza ya Schengen, miadi yake ni tarehe 15 Juni. Anakwenda benki tarehe 12. Karani anachagua miezi iliyokwisha fungwa: Machi, Aprili, Mei. Stetimenti inaishia 31 Mei na salio la 11,200,000. Tarehe 4 Juni huyu mtu amelipa tiketi 2,150,000, kwa hiyo barua ya salio anayopewa siku hiyohiyo inasema 9,050,000. Sasa afisa wa viza ana karatasi mbili za benki moja, akaunti moja, salio mbili tofauti, na zile siku 12 katikati hazionekani popote. Hana sababu ya kukupigia simu akuulize. Anajaza mwenyewe anachofikiria.

Kwa hiyo usiseme "miezi mitatu". Andika tarehe kwenye karatasi umpe karani: kuanzia 1 Machi mpaka leo 12 Juni, pamoja na miamala ya leo. Na barua ya salio itolewe siku hiyohiyo, isome salio lilelile la mstari wa mwisho wa stetimenti. Linganisha ukiwa bado umesimama dirishani. Ukishatoka nje ya mlango, huna mtetezi.

Na muhuri jamani, muhuri! Kila ukurasa, siyo wa mwisho tu. Uwe muhuri wa tawi wenye tarehe inayosomeka, na sahihi ya aliyegonga. Kuna makarani wanachukua muhuri wowote ulio karibu, ule wa keshia wa kupokelea pesa, wanaupiga juu ya safu ya salio mpaka tarakimu hazisomeki. Mwambie mapema apige pembeni, sehemu nyeupe.

Mzee wa Kaunta:
Mkuu umesema kweli, lakini na nyie wateja mna vituko. Nimekaa upande ule wa dirisha miaka mingi. Mtu anakuja na PDF ameprinti steshenari, anataka tugonge muhuri. Karani mwenye akili hawezi. Ule muhuri maana yake benki inasema karatasi hii imetoka kwetu, na hakuna anayejua kilichobadilishwa njiani. Usigombane naye, mwambie aprinti upya kutoka kwenye mfumo wake.

Halafu barua. Watu wanaomba "barua ya benki" wanapewa barua ya utambulisho inayosema tu kwamba fulani ni mteja wetu. Hiyo haina kazi peke yake. Taja unachotaka kiwemo: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya akaunti, aina yake, tarehe ilipofunguliwa, sarafu, salio kwa tarakimu na kwa maneno. Chini yake jina na cheo cha aliyesaini, simu ya tawi na barua pepe ya benki, siyo ya Gmail. Ubalozi ukitaka kuhakiki unapiga hapo. Na iandikwe kwa ubalozi husika. Ikiandikwa "kwa yeyote anayehusika", baadhi wanapokea, baadhi wanaguna.

mtoto_wa_kariakoo:
Mnajisumbua bure. Siku hizi kila kitu ni apu, unapakua PDF unapeleka, muhuri ni mambo ya zamani. Muhimu pesa ikae siku 28 tu, basi.

Binti Pangani:
Umechanganya madawa ndugu yangu. Siku 28 ni za viza ya mwanafunzi ya Uingereza. Pesa isishuke chini ya kiwango hata siku moja ndani ya hizo 28, na siku ya mwisho ya hesabu isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Schengen haina kanuni hiyo, wao wanatazama mwenendo wa akaunti: mshahara unaingia lini, unatoka vipi.

Kuhusu PDF uko sahihi nusu. Zipo benki zinazotoa stetimenti yenye muhuri wa kielektroniki na msimbo wa kuhakiki, na zipo balozi zinazoipokea. Lakini soma orodha ya ubalozi unaokwenda wewe, siyo ya jirani yako. Wengine wanataka miezi 3, wengine 6. Kanuni za viza ya familia za Uingereza kwa miaka mingi zilisema wazi: stetimenti ya kielektroniki iambatane na barua ya benki, au iwe na muhuri kila ukurasa. Skrinshoti ya salio ndiyo kabisa usithubutu.

Chinga Msomi:
Sasa wakuu nisaidieni, mimi hela yangu iko kwenye M-Pesa na nyingine kwa shemeji. Nikiomba aniwekee milioni 10 wiki moja kabla, halafu benki wagonge muhuri, si inakubalika?

Mzee wa Kaunta:
Shemeji hajaulizwa hapa 😂. Muhuri haubadilishi kinachosomeka. Stetimenti itaonyesha salio la laki mbili miezi miwili, halafu ghafla milioni 10. Kama ni pesa halali ya kuuza kiwanja, ambatanisha mkataba wa mauziano, kiasi na tarehe vioane na mstari ule. Kama ni ya kuazima, afisa ameshaiona kabla yako.

Nuru_Mwz:
Mbona hakuna aliyetaja majina? Akaunti yangu ya zamani ina majina mawili, pasipoti ina matatu. Benki wanasema nirekebishe kwa kitambulisho cha NIDA kwanza, na miadi ni wiki ijayo.

Binti Pangani:
Dada Nuru, anza marekebisho leo, lakini usiyasubiri. Omba barua ya salio itaje majina yote mawili: kwamba mwenye akaunti iliyosajiliwa kwa jina hili ndiye mwenye pasipoti namba hii, kwa jina hili. Meneja wa tawi anaweza kusaini hiyo akiona vitambulisho vyako. Wapo wanaokataa, na akikataa nenda na kiapo cha majina cha wakili. Kama ubalozi wako utaridhika na kiapo peke yake, hapo sikuahidi.

Mleta uzi:
Asanteni. Ila hoja yangu ya makato hamjaijibu. Karani akikosea tarehe nilizomwandikia, kwa nini nilipie tena?

Mzee wa Kaunta:
Usilipe kimyakimya. Ndiyo maana ile karatasi ya maombi uandike nakala mbili, yako wagonge muhuri wa kupokelewa. Mwonyeshe meneja, dai warudishe makato. Wakigoma, lalamika kwa maandishi kwa benki yenyewe kwanza, ndipo uende dawati la malalamiko la Benki Kuu. Bila ile nakala, itakuwa neno lako na la karani.